Sanduku la barua pepe limejaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ofisi ndogo za Mwanza na mwambao wa ziwa zenye barua pepe ya jina la kampuni kwenye seva ya kukodi, ile inayoendeshwa kwa cPanel, na zinazosoma barua kwa Thunderbird kwenye kompyuta. Wa Gmail nao wana sehemu yao. Mfano tutakaourudia ni mmoja: ofisi inayosafirisha minofu ya sangara, ambayo oda, ankara na vyeti vya afya vyote hupita kwenye anwani moja, oda@mfano.example, yenye nafasi ya MB 1024.

Mteja amepiga simu anasema barua yake imerudi. Kwa nini sisi hatujaona chochote?

Kwa sababu taarifa ya kurudishwa hupelekwa kwa aliyetuma, siyo kwa mwenye sanduku. Barua ilifika mlangoni, seva ikakuta hakuna nafasi, ikaikataa. Hakuna kilichoingia ndani, kwa hiyo hakuna cha kuonekana. Sanduku linaweza kukataa barua wiki nzima huku mwenyewe akidhani biashara imepoa.

Kinachopotosha zaidi ni kwamba barua nyingine zinaendelea kuingia. Ofisi yetu ya mfano imebakiza MB 4. Oda ya maandishi matupu ina kilobaiti 40 tu, inapita bila shida. Cheti kilichoskaniwa cha MB 3.2 kinakataliwa, ingawa ukikiangalia kwenye kompyuta ya aliyekituma kinaonekana kidogo kuliko nafasi iliyobaki. Sababu yake iko kwenye swali la viambatisho hapo chini. Ukisikia kwamba barua fupi zinafika na zenye viambatisho zinarudi, sanduku linakaribia kujaa.

Taarifa ya kurudishwa imejaa maandishi ya kutisha. Nisome wapi?

Mwombe mteja akutumie taarifa yote kwa anwani nyingine, asikate kipande. Tafuta sehemu inayofanana na hii:

```
Final-Recipient: rfc822; oda@mfano.example
Action: failed
Status: 5.2.2
Diagnostic-Code: smtp; 552 5.2.2 Quota exceeded
```

Mstari wa `Status` ndio wenye jibu. Tarakimu ya kwanza inaeleza kama safari imekwisha. Ikiwa 5, barua imekataliwa moja kwa moja na haitajaribiwa tena. Lazima itumwe upya baada ya nafasi kupatikana. Ikiwa 4, seva ya mtumaji inaendelea kuishikilia na kujaribu tena yenyewe, kwa kawaida siku nne au tano kabla haijakata tamaa. Hapo `Action` huwa `delayed`. Ukipata ya namna hiyo usitume tena. Mwenye sanduku akisafisha, nakala zote zilizokuwa foleni zitamwangukia kwa pamoja, na oda moja inaweza kuhesabiwa mbili.

Tarakimu mbili zinazofuata zinataja sababu. 2.2 ni sanduku lililojaa. 3.4 ni jambo lingine kabisa: barua yenyewe ni kubwa kuliko seva inavyoruhusu, na hata sanduku likiwa tupu itarudi tu. Wengi hufuta barua siku nzima kwa ajili ya 5.3.4, na hakuna kinachobadilika.

Ikiwa sanduku lililojaa ni la mteja, nimwambieje wakati barua haimfikii?

Kwa simu, na mapema. Ujumbe mfupi unatosha: “Habari za kazi, dada. Barua ya ankara niliyokutumia leo asubuhi imerudi, sanduku lako limejaa. Ukishapunguza naomba unijulishe nitume tena.” Mtajie saa uliyotuma, maana huenda kuna wengine ambao barua zao zilirudi saa hizohizo na yeye hajui.

Inbox ina barua 140 tu. Imejaaje?

Kikomo cha nafasi huhesabu sanduku zima: Inbox, Sent, Drafts, Junk, Trash, Archives, na kila folda uliyoitengeneza. Pia kinahesabu uzito, siyo idadi ya barua. Hesabu ya ofisi yetu ya mfano inasomeka hivi:

Inbox MB 96, Sent MB 571, Trash MB 203, Archives MB 138, Junk MB 12. Jumla MB 1020 kati ya 1024.

Zaidi ya nusu ya nafasi imeliwa na barua ambazo ofisi yenyewe ilituma. Kila cheti, kila ankara, kila picha ya minofu iliyopelekwa kwa mnunuzi imeacha nakala yake Sent, pamoja na kiambatisho chote. Ikiwa barua hiyohiyo ilinakiliwa kwa wenzako watatu wenye anwani kwenye kampuni hiyohiyo, seva inabeba nakala nne: moja kwenye Sent yako na tatu kwao.

Kuona hesabu kama hii, ingia kwenye cPanel kisha ufungue `Email Disk Usage`. Ukurasa huo unaorodhesha folda zote za anwani moja na uzito wa kila moja. Anza hapo kabla hujafuta barua hata moja.

Dalili nyingine ya sanduku lililojaa: Thunderbird inakwambia barua imetumwa ila nakala imeshindwa kuwekwa Sent. Barua imeondoka kweli. Kilichoshindikana ni kuweka nakala kwa sababu hakuna nafasi. Watu hubonyeza tuma tena mara tatu, na mteja anapata ankara tatu.

Kwa nini faili la MB 3.2 limeshindwa kuingia kwenye nafasi ya MB 4?

Barua pepe ilitengenezwa kubeba maandishi. Ili picha au PDF ipite, programu huigeuza iwe herufi: kila baiti tatu za faili zinakuwa herufi nne, na mwisho wa kila mstari unaongeza kidogo. Kwa ujumla faili huongezeka kwa karibu asilimia 37. Zidisha ukubwa wa faili kwa 1.37 upate uzito wake ndani ya barua. MB 3.2 inakuwa karibu MB 4.4, na mlango ulikuwa na nafasi ya MB 4.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini seva yenye ukomo wa MB 25 kwa barua inaweza kukataa faili la MB 20. Likishageuzwa linapita MB 27. Kwa seva ya namna hiyo, faili la MB 18 ndilo la mwisho kupita, na hapo umebaki ukingoni.

Tunaskani hati za kurasa mbili na zinatoka MB 9. Tatizo liko wapi?

Karibu kila mara liko kwenye mipangilio ya mashine ya kuskani. Nyingi huachwa kwenye 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi, na rangi kamili, kana kwamba mnaskani picha za harusi. Ukurasa wa A4 kwa 600 dpi una nukta karibu milioni 35. Kwa 200 dpi una nukta milioni 3.9, yaani sehemu moja ya tisa, na maandishi pamoja na mhuri bado vinasomeka vizuri. Ukiondoa rangi na kuskani kwa kijivu, data ghafi inapungua tena mara tatu. Acha rangi pale tu ambapo mpokeaji anataka kuona mhuri wa bluu.

Badilisha kwenye mashine yenyewe, uhifadhi kama mpangilio wa kudumu. Kubana PDF au picha ya JPEG kwa zip hakusaidii kitu, kwa sababu tayari zimebanwa.

Kwa video au picha nyingi, weka faili kwenye hifadhi ya mtandaoni utume kiungo. Gmail hufanya hivyo yenyewe kiambatisho kikizidi MB 25: inakipeleka Drive na barua inabeba kiungo tu. Lakini cheti, mkataba na ankara zitume kama faili halisi. Kiungo hufa siku mwenye faili akilifuta, na miaka mitatu baadaye utabaki na barua isemayo “angalia hapa” ambayo haionyeshi kitu.

Nimebonyeza Archive kwenye barua mia tano. Mbona nafasi haijaongezeka?

Kwa sababu Archive haipunguzi kitu. Hili ndilo kosa tunalolikuta zaidi ya mengine yote. Kwenye Thunderbird, kwa mipangilio ya kawaida, kitufe hicho kinahamisha barua kutoka Inbox kwenda folda ya Archives iliyo kwenye seva ileile, ndani ya kikomo kilekile. Ndiyo zile MB 138 za ofisi yetu. Kwenye Gmail kinaiondoa barua Inbox na kuiacha All Mail. Umehamisha gunia la dagaa kutoka sebuleni kwenda chumbani. Nyumba ni ileile.

Nafasi hupatikana kwa njia mbili tu: kikomo kiongezwe, au barua zitoke kwenye seva. Kuzitoa bila kuzipoteza maana yake ni kuzinakili kwenye kompyuta, kuhakiki nakala, kutengeneza nakala ya pili, halafu ndipo kufuta seva. Mpangilio huo usigeuzwe.

Si tayari zote ziko kwenye laptopu yangu? Naziona hata bila intaneti.

Unaziona, ila hazijatenganishwa na seva. Akaunti ya IMAP ni kioo: ukifuta seva, kwenye laptopu zinafutika pia mara itakaposhika mtandao. Simu ya bosi nayo hivyohivyo. Katika Thunderbird, mahali pasipofuata seva ni `Local Folders`, chini ya orodha ya upande wa kushoto. Barua ikiwa humo ni yako, seva haina mkono juu yake.

Basi nipeni hatua za kuhamisha barua za zamani.

Tutumie ofisi ileile. Inataka kutoa Sent ya mwaka 2021 hadi 2023, ambayo ni MB 312, pamoja na Archives yote, MB 138.

Kwanza pumua kidogo: pitia Trash, rudisha kilichoingia kimakosa, kisha itoe yote. Papo hapo zinarudi MB 203 na barua za wateja zinaanza kuingia wakati wewe unaendelea na kazi ndefu. Ukijaribu kufuta kitu Inbox na ukakutana na `Quota exceeded`, ni kwa sababu kupeleka barua Trash ni kuinakili kwanza, na nafasi ya nakala hiyo haipo. Anza na Trash yenyewe, au tumia Shift+Delete, inayofuta moja kwa moja. Shift+Delete haina kurudi nyuma, hivyo itumie kwa takataka tu.

Pili, leta barua zima kwenye kompyuta. Fungua `Account Settings`, kisha `Synchronization & Storage`. Weka tiki kwenye kuhifadhi barua za folda zote kwenye kompyuta hii, na hakikisha hakuna tiki kwenye `Don't download messages larger than`. Tiki hiyo ikiwepo, barua nzito zinabaki vichwa vitupu, nazo ndizo zenye vyeti. Halafu `File`, `Offline`, `Download/Sync Now`. Hii itakula karibu GB 1 ya data, kwa hiyo fanya kwa mtandao wa ofisi, usitumie bando la simu.

Tatu, ndani ya `Local Folders` tengeneza folda kwa mwaka: Sent-2021, Sent-2022, Sent-2023, na Archives-zamani. Panga Sent kwa tarehe, chagua barua za mwaka mmoja, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Copy To`. Usichague `Move To`. Nakala ikikatika katikati, barua bado ziko seva. Uhamisho ukikatika, unabaki hujui zipi ziko wapi. Chukua mafungu ya barua mia tatu au mia tano. Umeme ukikatika kazi ikiendelea, futa folda ya mwaka huo kwenye `Local Folders` uanze mwaka huo upya, la sivyo utapata barua zilizojirudia.

Nne, hakiki. Hapa msiharakishe. Linganisha idadi: kama Sent ya 2022 ilikuwa na barua 418, folda mpya iwe na 418. Kisha weka Thunderbird nje ya mtandao kwa `File`, `Offline`, `Work Offline`. Panga folda mpya kwa ukubwa, fungua barua tano nzito kuliko zote, na fungua kiambatisho cha kila moja hadi uone ukurasa wa mwisho. Fungua pia ya kwanza na ya mwisho kwa tarehe. Idadi ikitimia na viambatisho havifunguki, barua hazikushuka zima. Rudi hatua ya pili.

Tano, nakala ya pili. Funga Thunderbird kabisa, kisha nakili folda yake yote kwenye diski ya nje. Kwenye Windows iko hapa:

```
%APPDATA%\Thunderbird\Profiles
```

Kwa kawaida Thunderbird huweka kila folda ya barua kama faili moja kubwa lisilo na kiendelezi. Fleshi nyingi za dukani zimepangwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja linalofika GB 4 hata kama fleshi ina GB 64. Ukiambiwa faili ni kubwa mno wakati nafasi unaiona, ndiyo sababu. Ipange fleshi kwa exFAT, ukijua kwamba kupanga upya kunafuta kila kilichomo. Diski hiyo isilale kwenye droo ileile na laptopu. Mwizi wa Kirumba hachagui, atabeba vyote.

Sita, sasa rudi mtandaoni ufute zile barua kwenye seva: Sent ya miaka mitatu na Archives, kwa mafungu, ukitoa Trash baada ya kila fungu. Toa Trash na Junk. Mwisho bonyeza kulia kwenye kila folda uchague `Compact`, maana kwenye IMAP barua inaweza kuwekewa alama ya kufutwa tu huku bado inahesabiwa. Fungua tena `Email Disk Usage`. Ofisi yetu inapaswa kuona Sent MB 259 na Inbox MB 96, jumla 355, na nafasi ya MB 669 iliyo wazi.

Je, si rahisi zaidi kuongeza kikomo?

Ni rahisi, na kwa sanduku la MB 1024 linalobeba oda za kila siku tunashauri kufanya vyote viwili. Kwenye cPanel: `Email Accounts`, `Manage` kwenye anwani husika, kisha `Allocated Storage Space`. Angalia kwanza diski ya akaunti yote ya seva. Ikiwa kifurushi mlichokodi kimejaa kwa nakala za tovuti, sanduku litaendelea kukataa barua hata ukiliandikia GB 10.

Gmail yangu ina GB 15 na barua ni chache. Nini kimejaza?

GB 15 hizo ni za Gmail, Drive na Photos kwa pamoja. Mara nyingi ni picha na video za simu. Tazama mgawanyo kwenye `one.google.com/storage`. Kama ni barua, andika hivi kwenye sehemu ya kutafuta:

```
larger:10M before:2023/01/01
```

Kupata nakala kabla ya kufuta, tumia Google Takeout, chagua Mail peke yake. Utapata faili la mbox, lenye barua zote kwa pamoja. Kiungo cha kulipakua hudumu siku 7, basi lishushe mapema ulifungue kuona kama ni zima. Ukifuta, barua hukaa Trash siku 30 na zinaendelea kuhesabiwa mpaka uitoe.

Nini kisifutwe kabisa, hata kwenye nakala?

Chochote kinachogusa kodi: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Mikataba ikae muda wote inapofanya kazi na baada yake. Kwa barua za kiwango hicho, tumia `Save As` utoe faili la .eml. Linabeba barua, kiambatisho, tarehe na njia iliyopita. PDF iliyochapwa haibebi hiyo njia, na mnunuzi akibisha kuhusu lini alipokea bei, njia ndiyo utakayoihitaji.

Nimeshafuta seva kabla ya kunakili. Bado kuna njia?

Angalia Trash kwanza. Kama imeshatolewa, ulizeni ni kompyuta ipi ya ofisi haijawashwa tangu jana. Izime intaneti yake kabla ya kuiwasha: chomoa waya, zima kisambaza mtandao ikibidi. Fungua Thunderbird ikiwa nje ya mtandao na unakili kila kitu kwenda `Local Folders`. Ikishika mtandao sekunde chache tu kabla ya hapo, itafuta kufuata seva.

Wakati huohuo mtu mwingine ampigie mwenye seva, siku hiyohiyo, aulize nakala ya hifadhi ya jana usiku na aombe sanduku hilo moja lirudishwe pembeni, siyo juu ya lililopo. Nakala hizo hufutwa kwa zamu, na kesho huenda ya jana haipo tena. Zilizobaki ziombe kwa waliozituma. Barua uliyopokea wewe ina nakala kwenye Sent yao.